Altrasaundi ya shingo ya mzee imeandikwa "50-69%" upande wa kushoto, hii ni hatari kiasi gani?

MwanaMtopanga
Assalam aleikum wadau. Mzee wangu ana miaka 68, presha anayo zamani na sukari imeanza juzijuzi, sigara aliacha lakini alivuta sana enzi zake akifanya kazi bandarini. Siku hizi alikuwa alalamika kizunguzungu basi daktari akamwandikia altrasaundi ya mishipa ya shingo. Leo nimeenda kuchukua ripoti peke yangu, kwa daktari turudi wiki ijayo, na hapo kaunta hakuna wa kukuelezea kitu, wakupa bahasha ushike njia. Ndani nimeona haya:

```
RT ICA  PSV 96 cm/s   EDV 28 cm/s
LT CCA  PSV 72 cm/s
LT ICA  PSV 186 cm/s  EDV 58 cm/s  ICA/CCA 2.6
LT ICA stenosis 50-69%
```

Halafu chini wameandika kuna plaki kushoto, nyeusinyeusi na uso wake haukulainika. Mzee mwenyewe yuwala, yuwaenda msikitini, ukimwona huwezi kusema ni mgonjwa. Sasa hiyo 50-69 ndiyo kusema mshipa umeziba zaidi ya nusu? Atapata stroki? Mwenye kujua anifahamishe maana nyumbani bado sijawaambia.

AbuTende
Waleikum salaam. Bro tulia. Chini ya 70 hawapasui, hiyo najua kwa hakika maana ami yangu alikuwa na 60 akaambiwa ameze dawa ya kolestro na aspirini aende zake, mpaka leo yuko Malindi na shamba lake. Wiki ijayo si mbali, ngojeni daktari.

Kepteni_wa_Tudor
Mishipa ya shingo hiyo ni kulalia mto vibaya. Mimi ilinishika mpaka kugeuka siwezi, nikaenda kwa mama mmoja Majengo akanikanda na mafuta ya karafuu siku mbili ikaachia. Mpeleke akandwe.

SonoPwani
Kepteni tafadhali, wewe wasema misuli, hapa tunaongea mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo. MwanaMtopanga usiruhusu mtu yeyote amkande mzee shingo, kabisa kabisa. Hapo ndani kuna plaki, yaani mafuta yaliyogandia ukutani mwa mshipa, ambayo uso wake umechimbikachimbika, hutaki vidole vya mtu viibonyeze.

Mimi ndiyo kazi yangu hii, nafanya dopla, yaani hiyo altrasaundi ya mishipa, kila siku. Kabla sijakueleza namba nataka unijibu kitu kimoja maana jibu lote lasimama hapo. Katika miezi hii sita iliyopita, mzee ashawahi kupata hata kwa dakika chache: mkono au mguu wa KULIA kuwa dhaifu au kufa ganzi, uso kuvutwa upande mmoja, maneno kukwama au kutoka kombo, au jicho la KUSHOTO kuingia giza kama pazia limeshushwa halafu likarudi? Usimuulize yeye pekee, wazee huficha. Muulize na mama.

MwanaMtopanga
Kizunguzungu tu ndo naambiwa. Ngoja nimpigie mama.

MamaSalma_Likoni
Na mimi nijibiwe jamani, mimi nina 54, nilifanyiwa hiyo hiyo kwa sababu ya kizunguzungu nikilala na kugeuka kitandani, wakasema kuna plaki ndogo pande zote mbili, chini ya 50. Tangu siku hiyo silali, nikisikia kichwa kimezunguka nasema ndiyo hiyo stroki imekuja.

SonoPwani
Mama Salma pole, lakini kizunguzungu cha kugeuka kitandani mara nyingi ni cha sikio la ndani, si cha hii mishipa. Hii ya mbele ya shingo hulisha sehemu ya ubongo inayoshika mkono, mguu, uso, maneno, pamoja na jicho. Ikileta shida, shida yaonekana huko, kwa upande mmoja wa mwili. Kizunguzungu peke yake karibu kila mara hakitoki hapo, na ndiyo maana nimemuuliza mwenye uzi maswali yale, fomu ya mzee imeandikwa kizunguzungu na mimi siamini hiyo sababu. Plaki yako ni ishara kwamba mishipa imeanza kuchakaa kwa hiyo presha na kolestro zishikwe vizuri, lakini kizunguzungu katafutiwe sababu nyingine.

MwanaMtopanga
Wadau nimerudi. Mama ananiambia jambo ambalo hata mimi sikulijua. Ijumaa ya wiki iliyopita asubuhi walikuwa wakinywa chai, mzee ameshika hamri kwa mkono wa kulia likamponyoka likaanguka mezani, akajaribu kuliokota vidole havishiki. Mama akamuuliza una nini, akajibu maneno hayaeleweki, yaani yatoka lakini si maneno. Mama akaanza kumsomea. Anasema chai ilikuwa bado ya moto mzee akawa sawa, akalichukua lile hamri akala, akasema ni usingizi haujamtoka na watoto wasipigiwe kelele. Basi yakaisha hapo.

SonoPwani
Usingoje wiki ijayo. Mpeleke LEO, sasa hivi, hospitali yenye siti skani na daktari wa zamu, uende na hiyo ripoti mkononi. Mkifika usiseme "amekuja na kizunguzungu", sema hivi: alipata udhaifu wa mkono wa kulia na kupotewa na maneno kwa dakika chache Ijumaa iliyopita, na mshipa wa kushoto una plaki ya 50 mpaka 69. Sentensi hiyo ndiyo itakayowafanya wamtazame kwa haraka.

Hicho alichopata ni stroki iliyopita yenyewe. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi maneno pia yakaa huko huko kushoto. Kwa hiyo tukio, ripoti na mshipa vyote vinaelekeza mahali pamoja. Hatari ya stroki kamili baada ya tukio kama hili iko juu zaidi siku za mwanzo na wiki mbili za kwanza, na nyinyi mko ndani ya hizo wiki.

AbuTende
Lakini ami yangu alikuwa na 60 na hawakumkimbiza popote.

SonoPwani
Ami yako alipata tukio lolote kabla ya kipimo?

AbuTende
Hapana, ilionekana tu akipimwa mambo mengine.

SonoPwani
Basi walimfanyia sawa. 60 yake na 60 ya huyu mzee zafanana kwenye karatasi tu. Plaki iliyokaa kimya, ukimpa mtu dawa nzuri, uwezekano wa kumletea stroki upande huo ni kama mmoja katika mia kwa mwaka, wakati mwingine zaidi kidogo. Plaki ambayo ishatupa kipande juu imeonyesha kwamba imepasuka na bado haijapona. Sisi kwenye chumba cha dopla hatuwezi kujua hilo tukiangalia skrini, lazima mtu aseme kilichotokea, na hapa fomu ilikuja imeandikwa kizunguzungu.

Nesi_Changamwe
Naongeza moja kwa mwenye uzi kabla hujatoka nyumbani: usimpe aspirini mwenyewe hapo nyumbani kwa kusikia watu wanavyosema. Mtu wa presha za juu, kile kilichotokea chaweza pia kuwa damu imevuja kidogo, na hapo aspirini yazidisha. Siti ya kichwa kwanza, inachukua dakika chache tu. Na dawa za presha asiache, ila pia usimuongeze vidonge ati ishuke haraka, presha ikiporomoka ghafla kwa mtu mwenye mshipa mwembamba ubongo wakosa damu. Na waambie wampime umeme wa moyo, maana donge laweza kutoka moyoni ukienda mbio bila mpango, na hapo dawa ni tofauti kabisa.

MwanaMtopanga
Tunatoka sasa hivi, nimepata tuktuk. Shukran, ntawapa habari.

Kijana_Bamburi
Wakati twangoja, SonoPwani nifafanulie mimi. Mashine inaonaje asilimia? Inapima upana wa tundu?

SonoPwani
Swali zuri na hata madaktari wengine hawalijui vizuri. Kwa sehemu kubwa hatupimi upana, twapima MWENDO wa damu. Ukifunga kidole kwenye mdomo wa paipu ya maji, maji yatoka kwa kasi. Damu nayo ikifika pale palipobanwa yakimbia. Hiyo PSV kwenye ripoti ni kasi ya juu kabisa moyo unaposukuma. Kawaida ya tunavyosoma wengi, kutokana na makubaliano ya wataalamu wa Marekani yaliyochapishwa 2003, ni kwamba chini ya sentimita 125 kwa sekunde twasema mbano haujafika nusu, 125 mpaka 230 twaandika 50-69, ikipita 230 twaandika 70 kwenda juu. Mzee kwenye ICA ya kushoto, lile tawi lipandalo ubongoni, ana 186, kwa hiyo yuko katikati. Halafu twagawanya kwa kasi ya mshipa mkubwa wa chini ulioandikwa CCA, 186 kwa 72 ndiyo ile 2.6, na kati ya 2 na 4 ni kundi lile lile. Namba zote zaongea lugha moja, hiyo yanipa imani na ripoti.

Ndiyo maana yaandikwa 50-69 na si 61 au 63. Ukiona ripoti ya dopla imeandikwa asilimia 63 kamili muulize aliyeandika ameitoa wapi.

Kijana_Bamburi
Na yaweza kudanganya?

SonoPwani
Yaweza sana. Kwanza pembe. Mashine yakokotoa kasi kwa pembe niliyoweka mimi kwa mkono, na tumefundishwa isizidi digrii 60. Nikiweka 65 wakati ukweli ni 60, kasi yapanda karibu asilimia 18 bila mshipa kubadilika chochote. Ya mzee ikishuka kwa kiasi hicho ingekuwa 157 hivi, bado kundi lile lile, lakini mtu mwenye 240 angeshuka kundi zima. Pili, plaki yenye chokaa nyingi yatupa kivuli cheusi kwenye picha, na chini ya kivuli sioni kitu, nachukua kasi mbele ya kivuli na kukisia. Tatu, mtu mwenye upungufu wa damu au moyo unaoenda mbio damu yake yakimbia kila mahali, na ukiziba mshipa wa upande mmoja kabisa, upande wa pili hubeba mzigo wote na kasi yapanda hata kama haujabana sana.

La nne ndilo baya kuliko yote. Mshipa ukikaribia kuziba kabisa, umebaki kama uzi, kasi haipandi tena, YASHUKA. Asiyekuwa makini ataona namba ndogo aandike mbano mdogo. Hapo lazima uangalie picha yenyewe na rangi, usiamini namba pekee.

Bi_Zamzam
Basi nisaidieni mimi. Baba yangu alipata stroki mwaka jana, wakapima wakasema mshipa wa kulia umeziba WOTE, mia kwa mia. Nikasema haya wapasue wafungue, wakasema hapana ukiziba wote hatuguzi. Mwenye kuziba nusu apasuliwa, aliyeziba wote aachwa? Mpaka leo moyo haujatulia, naona kama walimtupa kwa sababu ni mzee.

SonoPwani
Hawakumtupa Bi Zamzam. Watu wengi wadhani stroki ya hapa yatokea kwa sababu damu imepungua kwenda juu. Mara nyingi si hivyo. Yatokea kwa sababu kipande cha plaki au donge dogo la damu lililoganda juu yake lang'oka, lasafiri na damu, laenda kuziba mshipa mdogo ndani ya ubongo. Sasa mshipa ukiziba wote hakuna damu ipitayo ya kubeba kipande. Na chini ya ubongo mishipa yaunganika kwa mviringo, wa upande mmoja ukikatika yule wa pili na ile ya nyuma humlisha mwenzake, kwa wengine vizuri kwa wengine vibaya. Kuufungua ulioziba kabisa kwaweza kusukuma madonge yote juu kwa mpigo mmoja. Kwa baba yako kazi ni kuuchunga ule wa kushoto uliobaki. Ashapimwa huo?

Bi_Zamzam
Walisema una plaki kidogo. Allah akulipe, hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

MwanaMtopanga
Wadau nimerudi, samahani kimya, tulilala huko. Siti ya kichwa hakuna damu iliyovuja, lakini wameona alama ndogo kushoto, wakasema ni stroki ndogo ya hivi karibuni. Umeme wa moyo uko sawa. Wamemuanzishia aspirini pamoja na klopidogreli za kuzuia damu isigande, wakasema zote mbili kwa wiki tatu kisha abaki na moja, na ya kolestro, atovastatini 80, usiku. Halafu wakafanya siti ya mishipa yenye dawa inayochomwa mkononi, nayo imesema 65 kushoto. Sasa daktari wa upasuaji wa mishipa ataka kumpasua kabla wiki mbili kuisha. Daktari wa dawa aliyemlaza asema 65 dawa zatosha. Mzee naye amesema kisu shingoni hataki, na mama amshikilia. Mimi niko katikati. Nani ana haki?

AbuTende
Si nilisema chini ya 70 hawapasui.

SonoPwani
Abu, kwa aliye kimya mara nyingi uko sawa. Kwa aliyepata tukio, mpaka waanzia 50. Lakini pia daktari wa dawa hajasema upuuzi. Utafiti mkubwa wa NASCET huko Marekani Kaskazini ndio uliopima hili. Waliopata tukio na mbano wao ni 70 kwenda juu, waliopewa dawa peke yake, 26 katika mia walipata stroki upande ule ndani ya miaka miwili, waliopasuliwa 9. Hapo hakuna ubishi. Kwa kundi la 50 mpaka 69, ndani ya miaka mitano ilikuwa kama 22 kwa dawa na 16 kwa kisu. Faida ipo ila ni ndogo, yaani wapasuliwa watu kama kumi na watano ndiyo uokoe mmoja. Na dawa za wakati huo hazikuwa hizi, atovastatini haikuwepo sokoni walipoanza. Kwa hiyo leo pengine pengo ni dogo zaidi.

Kinachomvuta mzee wako upande wa kisu: ni mwanamume, tukio lilikuwa la mkono na maneno wala si la jicho, siti imeonyesha alama, na plaki ni nyeusi yenye uso mbovu, ambayo ni laini kuliko ile nyeupe ya chokaa. Kinachomvuta upande wa dawa: kisukari, moyo wenyewe haujapimwa vizuri, na hofu yake.

Nesi_Changamwe
Mimi ningemuuliza daktari wa upasuaji swali moja tu uso kwa uso: wagonjwa WAKO wewe, katika mia ni wangapi hupata stroki au kufa ndani ya mwezi mmoja baada ya upasuaji? Kwa waliopata tukio haifai ipite 6. Asiyejua namba yake, au amefanya wachache mno, faida yote ile ndogo yaliwa na hatari ya kisu. Na uliza kama wamfanya akiwa macho au usingizini.

Kijana_Bamburi
Kuna ile ya kuingiza waya na kuweka springi, hakuna kukata shingo. Si afanyiwe hiyo?

SonoPwani
Ipo, lakini kwa wazee wa umri wake kwenda juu waya wenyewe ukipita kwenye plaki laini wavunja vipande. Kwa aliyepita miaka 70 hasa, stroki wakati wa springi ilionekana kuwa nyingi kuliko kwa kisu. Kwa 68 yuko mpakani, tena plaki yake ni ile ile laini. Ningemwachia daktari wake aseme.

MamaSalma_Likoni
Mwanangu mimi nasema mumsikilize mzee. Mwili ni wake.

Bi_Zamzam
Mama Salma na mimi nasema wamwambie ukweli wote kwanza ndiyo aamue. Baba yangu hakupata nafasi ya kuamua chochote, leo kijiko ashikiwa na mtu.

MwanaMtopanga
Nimemuuliza daktari swali la Nesi. Hakukasirika, alikaa chini akamueleza mzee mwenyewe, si mimi, namba zake na za mgonjwa wa umri wake. Mzee alisikiliza kisha akauliza kama sauti yake itaharibika maana yeye huadhini. Daktari akasema neva ya sauti iko jirani na mshipa, kukwaruza sauti kwatokea kwa wachache na mara nyingi hurudi, lakini hawezi kumuahidi. Mzee akasema atafikiri mpaka kesho alfajiri. Daktari wa dawa bado yuko na msimamo wake.

SonoPwani, akikataa kisu tufanyeje?

SonoPwani
Akikataa, zile dawa zisikose hata siku moja, na atovastatini msimpunguzie ati kwa sababu kolestro kwenye karatasi imeshuka, hiyo yatumika kuituliza plaki yenyewe. Presha muipime nyumbani asubuhi na jioni muandike. Rudieni dopla baada ya miezi sita kwenye mashine ile ile na ikiwezekana kwa mtu yule yule, mkienda kwengine namba zitapishana na mtashtuka bure. Na mkiona kwengine wameandika 80, ulizeni wamepima kwa njia ya NASCET au ile ya Ulaya, maana mbano ule ule ambao NASCET yauita 65, njia ya zamani ya Ulaya yauita karibu 80.

Na ikitokea tena ya hamri, hata ya dakika mbili, msingoje chai ipoe.

MwanaMtopanga
Sawa. Kesho alfajiri nitakuwa naye, akiamua ntaandika hapa.